Ser au estar: usiulize jambo litadumu muda gani

Wadogo zangu, safu ya leo imetokana na swali la msichana anayejifunza kuongoza watalii Zanzibar, ambaye amejiunga na darasa la Kihispania. Walipewa zoezi la kujaza nafasi, na sentensi mojawapo ilikuwa hii: “Mi abuelo ___ muerto.” Babu yangu amefariki. Akajaza “es”, mwalimu akamwekea kosa, jibu likawa “está”. Anauliza kwa uchungu: dada, tulifundishwa kwamba ser ni ya mambo ya kudumu na estar ni ya mambo ya kupita. Sasa kuna kitu gani kinachodumu kuliko kifo?

Hakuna, mdogo wangu. Hoja yako imenyooka kabisa. Kilichopinda ni ile kanuni uliyopewa, na najua imewaponza wengi kwa sababu mwanzoni inaonekana kufanya kazi. Utasema “Soy keniana”, mimi ni Mkenya, kwa ser. Utasema “Estoy cansada”, nimechoka, kwa estar. Uraia unakaa, uchovu unapita, basi unaamini umeshika ufunguo. Kisha unakutana na “Es joven”, yeye ni kijana, na ujana unapita. Unakutana na “Soy estudiante”, nami nitaacha kuwa mwanafunzi mwakani. Unakutana na “Son las tres”, ambayo kwa hesabu yetu ni saa tisa, na dakika sitini baadaye si saa tisa tena. Zote ni ser. Upande wa pili “Mombasa está en Kenia”, na sijasikia kwamba Mombasa ina mpango wa kuhama. Hiyo ni estar. Kanuni inayovunjika mara nyingi hivyo msiibebe kwenye chumba cha mtihani.

Badala yake jiulizeni swali moja: ninamlinganisha huyu na nani?

Unapotumia ser, unamweka mtu au kitu kwenye fungu lake. Ni wa aina gani? Akisimama katikati ya wenzake, yeye ni yupi? Kijana ni kijana akilinganishwa na wazee, mwanafunzi yuko kwenye fungu la wanafunzi, hata kama atakaa humo wiki mbili. Unapotumia estar, unamlinganisha na yeye mwenyewe: alivyokuwa jana, anavyoweza kuwa, au ulivyotarajia kumkuta. Amekutwa katika hali gani? Babu alikuwa hai, sasa hayuko hai. Hali yake imegeuka kutoka moja kwenda nyingine, na Kihispania kinaitazama hali hiyo ya pili kama mahali alipofikia. Ndiyo maana “está muerto”. Kwamba hatarudi tena haiingii kwenye hesabu.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni ule wa shangazi anayekuja kutembea baada ya miaka miwili. Akimsifia mtoto wako kwamba ni mrefu kuliko watoto wa rika lake, atasema “Es alto”. Akisimama mlangoni na kushangaa jinsi alivyorefuka tangu amwone mara ya mwisho, atasema “¡Qué alto está!” Urefu ni uleule, na hautapungua kesho. Kilichobadilika ni cha kulinganishwa nacho: mara ya kwanza ni watoto wengine, mara ya pili ni mtoto huyohuyo wa zamani. Ukiambiwa “Estás muy joven” siku ya kutimiza miaka hamsini, hujaitwa kijana. Umeambiwa unaonekana kijana kuliko ilivyotegemewa. Pokea sifa, ushukuru.

Ukitaka kitu cha kukusaidia kukumbuka, estar imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini “stare”, kusimama. Mtu anayesimama husimama mahali, tena husimama kwa namna fulani. Mahali na hali: hizo ndizo kazi mbili kubwa za estar mpaka leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vingi havitawaambieni, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya watu wanaowaza kwa Kiswahili. Lugha yetu inatupa sikio zuri sana la estar. Tazameni vitenzi vyenye -me-: amelala, ameketi, amesimama, amechoka, amekasirika, amelewa. Mlango umefungwa. Kikombe kimevunjika. Tunataja tukio lililokwisha, lakini tunachoeleza ni hali iliyobaki sasa hivi. Hiyo ni estar pamoja na kivumishi chake, karibu kila mara: “está dormido”, “está sentado”, “está de pie”, “está cansado”, “está enfadado”, “está borracho”, “la puerta está cerrada”, “la taza está rota”. Linganisheni “amelewa” na “ni mlevi”. Wa kwanza “está borracho”, wa pili “es borracho”. Hapo hamhitaji kanuni yoyote, sikio la nyumbani linatosha. Vivyo hivyo yuko, iko, zipo na wenzake: “Baba yuko sokoni” ni “Papá está en el mercado”.

Basi mkikuta nafasi, igeuzeni sentensi kwa Kiswahili cha kawaida. Ikija yenyewe na -me- au -ko, wekeni estar. Hata yule msichana wa Zanzibar, angesikiliza jinsi alivyoitafsiri sentensi yake mwenyewe, “babu yangu amefariki”, angepata jibu.

Lakini sikio hilo lina sehemu tatu linapodanganya, na lazima mzijue.

Ya kwanza ni afya. Sisi tunasema “mama ni mgonjwa”, “watoto ni wazima”, kwa “ni” kabisa. Kihispania kinaona hali: “Mamá está enferma”, “los niños están bien”. Na kwa kuwa tumefika kwenye “bien”, shikeni hili: habari za mtu zikijibiwa kwa “bien” au “mal”, kitenzi ni estar. “Soy bien” kwa maana ya “sijambo” ni kosa ambalo mwalimu huliona akiwa mbali. Hata maswali yenyewe yamegawanyika. “¿Cómo está tu madre?” ni kumjulia hali mama. “¿Cómo es tu madre?” ni kuombwa umweleze alivyo, mrefu au mfupi, mpole au mkali. Kwenye mazoezi ya mazungumzo jibu huwa limeshachapishwa chini. Lisomeni kwanza, kisha mrudi juu kujaza swali.

Ya pili ni chakula. “Chakula ni kitamu”, tunasema tukiwa tunatafuna. Mhispania aliye na sahani mbele yake atasema “Está rico” au “Está bueno”, kwa kuwa anaeleza ladha aliyoikuta kwenye sahani hii, leo. Gazpacho, ile supu ya nyanya ya Andalusia, inaonyesha jambo hili vizuri. Ni supu ya kunywa baridi, ndivyo aina yake ilivyo. Hivyo “El gazpacho es frío” ni maelezo ya supu yenyewe, hata kama hakuna bakuli mezani. Supu ya kuku ikiletwa imepoa, mteja atamwita mhudumu na kulalamika “La sopa está fría”. Na gazpacho ikiletwa ya vuguvugu, atalalamika “El gazpacho está caliente”, bila kupingana na sentensi ya kwanza. Supu ya aina ya baridi imekutwa katika hali ya moto.

Ya tatu ni sherehe, mikutano na matamasha. Tunasema “harusi iko wapi?” na “mkutano uko ukumbini”, kwa hiyo mkono unakimbilia estar. Hapa Kihispania kinataka ser: “La boda es en la playa”, “La reunión es en el aula 3”. Kipimo ni rahisi. Badala ya “iko”, jaribuni “inafanyika”. Harusi inafanyika ufukweni, sawa, kwa hiyo ser. Hoteli inafanyika ufukweni? Haisemeki, kwa hiyo “El hotel está en la playa”. Angalieni na maneno yenye sura mbili. “El examen” ukiwa ni tukio la kufanya mtihani, “es en el aula 3”. Ukiwa ni ile karatasi iliyoachwa mezani, “está en la mesa”.

Mkishaweza hayo, tuingie kwenye vivumishi vinavyogeuka maana. Wengi wenu mnavikariri kama orodha ya methali, jozi moja baada ya nyingine, na siku ya mtihani mnasahau upande upi ni upi. Visikaririwe namna hiyo. Swali ni lilelile: aina yake, au hali aliyokutwa nayo?

Chukueni “listo”. Mtu wa aina ya watu wenye akili nyepesi, “es listo”, ni mwerevu. Mtu aliyekutwa amejiandaa, “está listo”, yuko tayari. Kiswahili chenyewe kimetoa “ni” huku na “yuko” kule. “Aburrido” ni hivyohivyo. Aliye wa aina ya kuchosha wengine “es aburrido”, filamu inayochosha “es aburrida”, lakini wewe uliyeboeka umekaa tu nyumbani “estás aburrido”. Ukijitambulisha “Soy aburrida”, umewaambia wenzako kwamba wewe ni mchoshi. Msichana wa darasa la kwanza akisema hivyo, watacheka bure.

“Malo” nayo: mwovu au kitu kibovu kwa ubora wake “es malo”; mgonjwa “está malo”, hasa kwa mazungumzo ya Uhispania, maana Amerika ya Kilatini mtasikia zaidi “está enfermo”. Samaki aliyeoza “está malo”, kwa sababu alikuwa mzuri akaharibika. “Orgulloso”: mwenye kiburi “es orgulloso”, mzazi anayejivunia mwanawe “está orgulloso de su hijo”. “Callado”: mtu mkimya kwa tabia “es callado”, msemaji mkubwa ambaye leo amenyamaza “está callado”, na pengine mumuulize ana nini. “Vivo”: mchangamfu, mjanja, “es vivo”, aliye hai “está vivo”, mwenzake yule “está muerto” wa swali letu la mwanzo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni “verde”, maana kinaonyesha ser na estar zikikaa kwenye tunda moja. “Es verde” ni rangi ya kijani. “Está verde” ni bichi, halijaiva. Nyumbani tunayajua maembe yanayobaki na ganda la kijani hata yakiwa yameiva na harufu imejaa jikoni. Embe kama hilo mkononi, unaweza kusema bila kosa lolote: “Este mango es verde, pero no está verde.” Embe hili ni la kijani, lakini si bichi. Mkiielewa sentensi hiyo mpaka ndani, nusu ya kazi mmemaliza. Na mfanyakazi mpya ambaye bado hajaiva kazini, huyo naye “está verde”.

Kuna kimoja nitawaonya nacho waziwazi, kwa sababu mimi ni dada yenu na sitaki mwaibike ugenini. “Bueno”. Mtu mwema “es bueno” au “es buena persona”. Wali mtamu “está bueno”. Lakini mkisema kwamba mtu “está bueno” au “está buena”, kwa kawaida mmesema kwamba mwili wake unavutia kimapenzi. Mwongoza watalii anayetaka kumsifia mama wa watu kwa ukarimu wake, akateleza akasema “Usted está muy buena”, ameingia kwenye matatizo mbele ya mume na watoto. Semeni “Usted es muy amable” na mtembee salama.

Sasa kwenye karatasi ya kujaza nafasi mtajuaje ni maana ipi inayotakiwa? Kivumishi peke yake hakitoshi, hivyo mtungaji mzuri lazima aache dalili. Dalili ninayoitafuta kwanza ni neno linalofuata kivumishi. “Orgulloso” ikifuatwa na “de” na kitu cha kujivunia, ni estar. “Seguro” ikifuatwa na “de”, na mwenye sentensi ni mtu, ni hakika ya moyoni: “Estoy seguro de la respuesta”, nina hakika na jibu. Mtaa usio na wezi “es seguro”. Mkikuta “por” na mtendaji baada ya kitenzi, sentensi inasimulia tendo lenyewe, na hapo ni ser: “La ventana fue rota por los niños”, dirisha lilivunjwa na watoto. Bila mtendaji, likiwa limekutwa tu lina ufa: “La ventana está rota.” Ila msiifanye “de” kuwa sheria ya estar. Kwenye “consciente” mambo yanageuka: kutambua jambo ni “ser consciente de”, na mgonjwa aliyerudiwa na fahamu hospitalini ndiye “está consciente”. Amerika ya Kilatini mtasikia pia “estar consciente de”, lakini kwenye mtihani jazeni ser, ndiyo iliyozoeleka kwa maana hiyo.

Dalili nyingine huwa ndani ya sentensi ya pili, baada ya “porque” au “pero”. Na dalili ya uongo kuliko zote ni “siempre” na “nunca”. Mwanafunzi akiona “siempre” anawaza kudumu, anaweka ser. “Mi hermano siempre ___ cansado” inataka “está”. Kila ukimkuta, umemkuta amechoka. Kurudia kwa hali hakuifanyi kuwa aina. Ukijaza “es cansado”, unasema kaka yako ni mtu wa kuchosha watu.

Haya, tufanye moja pamoja. Marta ameandikiwa na rafiki yake wa kike aliye matembezini Salamanca, mji wa chuo kikuu kilichoanzishwa 1218. Someni barua yote kwanza bila kugusa kalamu:

“Querida Marta: ___ (1) en Salamanca con Luis. Luis ___ (2) muy listo, pero nunca ___ (3) listo a tiempo. Hoy ___ (4) malo, porque el pescado de anoche ___ (5) malo. El concierto de esta tarde ___ (6) en la Plaza Mayor, que ___ (7) cerca del hotel. Yo ___ (8) un poco aburrida sin él, pero la ciudad no ___ (9) nada aburrida.”

Nafasi ya kwanza ni mahali, na anayesema ni mimi: “Estoy”. Ya pili na ya tatu zimewekwa jirani makusudi. “Muy listo” peke yake ingeweza kuzua shaka, lakini “pero” inatuambia kuna mambo mawili yanayopingana, na “a tiempo”, kwa wakati, inaendana na kuwa tayari tu. Hakuna anayekuwa mwerevu kwa wakati. Kwa hiyo ya tatu ni “está”, na ya pili inayobaki kumsifia Luis ni “es”. Mmeona nilivyoanza na ya tatu? Ruhusa ipo. Jazeni ile yenye dalili nzito, kisha mrudi kwa jirani yake. Na hiyo “nunca” isiwatishe, tumeshaizungumza.

Ya nne ina “hoy”, lakini msijaze kwa sababu ya “hoy”. Jazeni kwa sababu ya “porque”: kuna samaki wa jana usiku aliyemdhuru. Luis ni mgonjwa, hajawa mwovu. “Está”. Ya tano, samaki huyo alikuwa ameharibika, hivyo ni estar tena, ila “de anoche” inarudisha mambo nyuma. Mkiandika “está”, kitenzi mmepata na njeo mmekosa. Samaki ameshaliwa. “Estaba malo.” Hapa ndipo alama nyingi hupotea kwa watu wanaojua kabisa tofauti ya ser na estar, kwa sababu wamechoka kufikiri wakishachagua kitenzi.

Ya sita na ya saba zote zinaulizia mahali. Tamasha linafanyika, kwa hiyo “es en la Plaza Mayor”. Uwanja haufanyiki, upo, kwa hiyo “está cerca del hotel”. Angalieni ile “que”: inarudi kwenye uwanja uliotajwa mwisho, si kwenye tamasha. Ya nane, mwandishi ameboeka kwa kukaa peke yake, “estoy”. Ya tisa ni tabia ya mji, “no es nada aburrida”, wala si mji wa kuchosha.

Kuna nafasi mojamoja ambazo zitawasumbua kwa sababu zinakubali vyote viwili. “Mi tío ___ casado”: “está casado” inasikika sana, lakini “es casado” nayo ipo, hasa Amerika ya Kilatini, ikitaja fungu la watu waliooa kama kwenye fomu. “Carmen ___ guapa” nayo: “es guapa” ni mrembo, “está guapa” ni amependeza. Mtungaji aliyeandika sentensi ya namna hiyo bila kuongeza neno amekosea yeye. Lakini mara nyingi neno lipo, mmelipita tu. “Con ese vestido”, na gauni hilo, inatosha kuita “está”. “Como su madre”, kama mama yake, inavuta kwenye “es”, maana sasa tunazungumzia urembo wa kurithi. Mkikosa dalili kabisa kwenye sentensi, tazameni kichwa cha zoezi. Likiitwa maelezo ya familia, wekeni ser. Likiwa ni maelezo ya picha ya watu walioko kwenye sherehe, estar ina nguvu zaidi.

Kazi nazo zina mlango wa pembeni. “Mi prima es médica”, binamu yangu ni daktari, hata kama ameajiriwa jana. Lakini daktari huyohuyo akikosa ajira na kushika kazi ya uhudumu wa mgahawa kwa sasa, “está de camarera”. Kile kijineno “de” kabla ya kazi, pasipo “una” wala “la”, kinawaonyesha kwamba nafasi ni ya estar.

Mwisho, tazameni mwandiko wenu. “Está” yenye alama ya mkazo juu ya a ni kitenzi. “Esta” isiyo na alama ni “hii” au “huyu”, kama ilivyo kwenye “esta tarde” ya barua yetu. “Estás” na “estas” zinatofautiana hivyohivyo, na “están” haiandikwi bila alama. Wa mtihani wa DELE, ule unaotolewa na Instituto Cervantes, na wa mitihani mingine yoyote, mkishamaliza kujaza rudini juu mpite kila estar mliyoiandika mkitafuta alama hiyo tu. “Estoy” na “estamos” hazina alama, ziacheni zilivyo.